Upau Uanzie Sifuri

Ndugu mwenyekiti wa kikao, maafisa mipango na maafisa takwimu wa halmashauri, walimu wenzangu, nanyi waandishi wa habari mliokaa kule nyuma, habari za asubuhi.

Mmeziona karatasi mbili nilizobandika ukutani. Nimezichora kwa mkono na rula, na namba zote nimezificha. Kila karatasi ina pau mbili. Upau mmoja una urefu wa sentimita 16, wa pili una nusu sentimita, umejikunyata chini kama kisiki. Mlipokuwa mnaingia niliwauliza baadhi yenu kama karatasi hizi zinatofautiana, mkaniambia zinafanana. Ni kweli, zinafanana. Ukiipandisha moja juu ya nyingine na kuielekeza dirishani, hutaona pengo.

Karatasi ya kushoto inaonyesha wakazi wa Tanzania Bara na wa Zanzibar kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Bara walihesabiwa watu 59,851,347 na Zanzibar watu 1,889,773. Bara ina watu karibu mara 32 ya Zanzibar, na upau wake ni karibu mara 32 ya upau wa Zanzibar. Jicho limeambiwa ukweli.

Karatasi ya kulia inaonyesha wanawake na wanaume wa nchi hii hii, kwa sensa hiyo hiyo. Wanawake walikuwa 31,687,990, wanaume 30,053,130. Kila mmoja wetu anajua kwamba nchi hii haina wanawake 32 kwa kila mwanamume mmoja. Wanawake wamezidi kwa watu milioni moja na laki sita hivi, yaani kama asilimia 5 juu ya idadi ya wanaume. Namba ni sahihi, rula ni sahihi, hesabu ya sentimita ni sahihi. Nilichofanya ni kimoja tu: mhimili wima wa karatasi ya kulia nimeuanzishia milioni 30 badala ya sifuri.

Tufuate hesabu yake taratibu, kwa sababu mambo yote ya leo yamo humo. Mhimili ukianzia milioni 30, kila upau unakatwa milioni 30 kutoka chini. Wanawake wanabakiwa na 1,687,990, wanaume wanabakiwa na 53,130. Gawanya la kwanza kwa la pili, utapata karibu 32. Ndiyo picha mliyoiona. Ukianzia milioni 29, wanawake wanabaki na 2,687,990 na wanaume 1,053,130, na upau wa wanawake unakuwa mara mbili na nusu. Ukianzia milioni 20, unakuwa mara 1.16. Ukianzia sifuri, unakuwa mara 1.05, ambayo ndiyo hali halisi ya nchi. Kwa hiyo picha ninaweza kuifanya iseme mara 32, mara mbili na nusu au mara 1.16 bila kugusa hata tarakimu moja ya sensa. Kadiri mwanzo wa mhimili unavyoisogelea namba ndogo, ndivyo uwiano unavyofura, na hauna kikomo. Ningeanzia 30,050,000, wanaume wangebaki na 3,130, na karatasi hii isingetosha.

Sasa kwa nini kosa hili linauponza upau kuliko michoro mingine? Kwa sababu upau unasema kwa urefu wake. Wengi wetu wa pwani tunalijua neno upau kutoka kwenye ujenzi, ni ile miti myembamba ya paa tunayofungia makuti. Fundi akitaka kujua upau upi mrefu anailaza miwili sambamba na kusawazisha ncha za upande mmoja, ndipo anaangalia upande wa pili. Hawezi kulinganisha nguzo mbili zilizokwisha kuchimbiwa kwa kutazama kilichobaki juu ya ardhi, maana sehemu iliyozikwa haionekani. Mhimili unaoanzia milioni 30 umezizika nguzo zote mbili hadi shingoni, kisha unatuambia tulinganishe shingo.

Aliyechora grafu ya pau ya kwanza tunayoifahamu alikuwa Mskoti, William Playfair, mwaka 1786. Alikuwa anachora mistari ya biashara ya Uingereza na nchi nyingine kwa miaka mingi mfululizo. Alipofika Uskoti akakuta ana takwimu za mwaka mmoja tu, kuanzia Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781. Mwaka mmoja haufanyi mstari. Akachora pau za bidhaa zilizoingia na zilizotoka kwa sehemu 17 zilizofanya biashara na Uskoti. Mwenyewe aliuona mchoro huo kuwa hafifu kuliko mistari yake kwa kuwa haukubeba muda. Lakini uangalie ulivyo: upau hauna kitu kingine cha kusema isipokuwa kiasi, na kiasi hicho ni urefu kutoka sifuri. Ukiiondoa sifuri umeondoa maana yote ya mchoro.

Nataka niseme wazi kwamba wengi wanaochora grafu za namna hii hawana nia ya kudanganya. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, na lilimuumiza mtu. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa taarifa ya mahudhurio ya wanafunzi kwa kata za halmashauri moja. Kata ya mwisho ilikuwa nyuma ya kata ya kwanza kwa pointi zisizofika 5 za asilimia. Niliingiza namba kwenye kompyuta, nikabofya, grafu ikatoka, nikaibandika kwenye taarifa. Kwenye kikao upau wa kata ile ya mwisho ulionekana chini ya nusu ya upau wa kata ya kwanza. Mratibu wa elimu wa kata ile akasimamishwa mbele za watu, akaulizwa watoto wake wako wapi. Alijibu kwamba wako darasani, na alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyeisoma namba iliyoandikwa pembeni, kwa sababu picha ilikwisha kutoa hukumu. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, nikafungua lile faili nitazame nilikosea wapi. Sikuona nilipobofya vibaya. Mhimili uliwekwa na programu yenyewe.

Ndiyo maana sehemu hii naomba tuisikilize kwa makini, hasa ninyi mnaotumia Excel kila siku. Excel ina kanuni yake ya kuchagua mwanzo wa mhimili wima. Namba zako zikiwa chanya, inatazama tofauti kati ya namba kubwa kabisa na ndogo kabisa. Tofauti hiyo ikizidi asilimia 16.667 ya ile kubwa, yaani sehemu moja ya sita, mhimili unaanzia sifuri. Ikiwa pungufu ya hapo, programu inaona nafasi kubwa ya chini inapotea bure, na inaukata mhimili. Inachukua namba ndogo kabisa, inaondoa nusu ya ile tofauti, kisha inashuka mpaka kwenye alama ya mhimili iliyo karibu.

Tujaribu kwa sensa. Mwaka 2012 nchi ilikuwa na watu 44,928,923, mwaka 2022 ikawa na 61,741,120. Tofauti ni kama asilimia 27 ya namba kubwa, imezidi sehemu moja ya sita, na Excel inaanzia sifuri. Grafu ni safi na hukufanya lolote. Sasa weka wanawake na wanaume. Tofauti ni kama asilimia 5 tu ya namba kubwa. Programu inachukua 30,053,130, inaondoa nusu ya tofauti ambayo ni 817,430, inafika 29,235,700, kisha inashuka kwenye alama ya karibu. Alama zikipangwa kwa nusu milioni, mhimili unaanzia milioni 29, na wanawake wanaonekana mara mbili na nusu ya wanaume.

Angalieni jambo hili lilivyokaa. Tofauti ikiwa kubwa programu inaiacha kama ilivyo, na tofauti ikiwa ndogo ndipo inaikuza. Hatari inatokea pale pale ambapo mambo yanakaribiana, na mambo ya halmashauri zetu mara nyingi yanakaribiana: mahudhurio, ufaulu, chanjo, makusanyo ya mwezi huu na mwezi uliopita. Na kwa kuwa jana grafu ilitoka sawa, leo hukumbuki kuitazama.

Kuirekebisha ni kazi ya nusu dakika. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya namba za mhimili wima, chagua `Format Axis`, kisha kwenye `Bounds` andika 0 penye `Minimum`. Iandike hata kama tayari inaonyesha 0, kwa sababu 0 iliyowekwa na programu inaweza kubadilika kesho namba zikibadilika, lakini uliyoiandika wewe inabaki.

Mtu mmoja wa mipango ameniandikia swali kabla ya kikao, na ni swali la haki. Anasema: nikianzia sifuri, pau zote zinalingana, mkurugenzi haoni kitu, grafu haina kazi. Ninamjibu hivi. Kwanza, pengine hicho ndicho ulichokipata. Kata zako zinakaribiana, na hiyo ni taarifa kamili inayostahili kusomwa. Kama ndivyo, sentensi moja na jedwali dogo vinatosha, wala si lazima kuchora.

Lakini zipo tofauti ndogo zenye uzito mkubwa, na hapo lazima nimpe njia. Uchaguzi wa rais wa Kenya wa 2022 ni mfano mzuri. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila Odinga alipata 6,942,930, asilimia 48.85. Pau mbili hizo zikianzia sifuri zinakaribia kulingana kabisa, na kweli wapiga kura waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukianzishia mhimili asilimia 48, upau wa mmoja unakuwa karibu mara tatu ya mwenzake, na mtu asiyejua atadhani mshindi alipita bila upinzani. Sasa jiulize, kitu gani hasa kilikuwa na uzito? Katiba ya Kenya inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Basi acha pau zianzie sifuri, chora mstari mlalo kwenye asilimia 50, andika 50.49 na 48.85 juu ya pau. Msomaji ataona kwa mara moja mambo mawili ya kweli: kwamba walikaribiana sana, na kwamba mmoja alivuka mstari na mwingine hakuvuka. Uzito wa tofauti umeletwa na mstari wa 50, na pau hazikulazimika kusema uongo.

Njia ya pili ni kuchora kile kitu chenyewe unachotaka kukisema. Kama shida yako ni uwiano wa wanawake na wanaume, usichore idadi zao mbili. Chora uwiano. Wataalamu wa idadi ya watu huhesabu wanaume wangapi wapo kwa kila wanawake 100, na kwa sensa ya 2022 Tanzania ilikuwa na kama 95. Hapo msingi wa asili ni 100, mahali ambapo jinsia mbili zinalingana. Mkoa wenye wanaume wengi upau wake unapanda juu ya mstari wa 100, wenye wanawake wengi unashuka chini, na urefu wa upau ni ule upungufu au ziada. Upau wa taifa unashuka kwa 5. Kwenye Excel utaingia tena `Format Axis`, penye `Horizontal axis crosses` uchague `Axis value`, uandike 100.

Mnaweza kuniuliza, mbona sasa umeacha sifuri? Sijaiacha. Kinachopimwa na upau sasa ni umbali kutoka kwenye usawa, na umbali huo kwenye mstari wa 100 ndio sifuri. Milioni 29 haina maana yoyote duniani. Iliokotwa na programu. Mia moja ina maana ambayo ninaweza kumweleza bibi yangu kwa sentensi moja. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: kama siwezi kueleza kwa nini msingi umewekwa hapo pasipo kutaja kwamba grafu inapendeza zaidi, msingi huo ni mbovu. Na kichwa cha grafu lazima kiseme wazi kwamba pau ni ziada au upungufu. Kisiandike tu “Wanaume na wanawake kwa mkoa”.

Njia ya tatu ni kuacha upau kabisa na kutumia nukta. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio ya namna watu wanavyosoma grafu, wakaonyesha kwamba jicho linalinganisha vizuri zaidi mahali pa vitu kwenye mhimili mmoja, kuliko urefu peke yake. Nukta haina mwili unaoanzia chini. Inasema “mimi niko hapa”, haisemi “mimi ni mkubwa hivi”. Kwa hiyo nukta za kata zako zinaweza kukaa kwenye mhimili unaoanzia asilimia 80 bila kuvunja ahadi yoyote, mradi namba za mhimili zisomeke. Mstari wa joto la mchana kwa mwezi nao ni hivyo hivyo. Sifuri ya nyuzi za Selsiasi si ukosefu wa joto, na kuulazimisha mstari wa Dodoma uanzie hapo hakumsaidii mtu. Lakini nukta nazo zinaweza kutia chumvi. Zikitandazwa kati ya 90 na 91, pengo dogo litajaza karatasi, na msomaji wa haraka ataona pengo kabla ya kuona namba. Nukta inapunguza hatari, haiimalizi.

Kuna dawa moja inayopendwa sana ambayo siiamini. Ni ile alama ya mkato, kizigizagi kidogo chini ya mhimili, kinachomwambia msomaji kwamba sehemu imerukwa. Mchoraji anajisikia salama kwa sababu ametoa taarifa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu walielezwa mapema kwamba mihimili iliyokatwa hupotosha, kisha wakaonyeshwa grafu zenyewe. Maelezo yalisaidia kiasi, lakini hata walioelezwa waliendelea kuziona tofauti kuwa kubwa kuliko zilivyo. Jicho linapima urefu kabla akili haijafika kwenye onyo. Kama mtu aliyeonywa kwa maneno anapotoka, kizigizagi hakitamwokoa.

Na kwa upande wa pili, msikate upau mrefu ili ule mfupi uonekane. Nimeona grafu za Bara na Zanzibar ambamo upau wa Bara umepasuliwa katikati ili Zanzibar ipate sura. Zanzibar ina sura yake. Ichoree grafu yake, wilaya kwa wilaya, kuanzia sifuri.

Nimebakiwa na dakika chache, nizitumie kwa waandishi, kwa sababu ninyi mara nyingi mnaletewa grafu iliyokwisha kuchorwa, mhimili umefutwa, namba ziko juu ya pau tu. Unawezaje kujua kama imekatwa? Chukua rula. Pima pau mbili kwa milimita. Tuseme ni wanawake na wanaume wetu, na unapata milimita 80 kwa upau mrefu na 31 kwa mfupi. Gawanya: 80 kwa 31 ni kama 2.6. Gawanya namba zilizoandikwa: 31.69 kwa 30.05 ni kama 1.05. Majibu mawili hayalingani, kwa hiyo grafu imekatwa.

Unaweza hata kuufukua msingi uliozikwa. Zidisha namba ndogo kwa urefu wa upau mrefu, yaani 30.05 mara 80, unapata 2,404. Zidisha namba kubwa kwa urefu wa upau mfupi, 31.69 mara 31, unapata 982.39. Toa la pili kwenye la kwanza, unabaki na 1,421.61. Gawanya kwa tofauti ya urefu wa pau, 80 toa 31, ambayo ni 49. Jibu ni 29.01. Mhimili ulianzia milioni 29, ingawa aliyekuletea grafu hakuuandika popote, na unaweza kumpigia simu ukamuuliza kwa nini pale.

Pale mezani nimeacha rula na grafu sita nilizozikata kwenye magazeti na taarifa mbalimbali, majina ya wenyewe nimeyaziba. Tano zimekatwa msingi na moja haikukatwa. Kabla ya chai, naomba kila meza ichukue moja na iipime.